Mtoto Njiti na Kikombe cha Maziwa ya Mama

Mtoto aliyezaliwa katika wiki ya 33 ya ujauzito, akiwa na kilo 1.6, akiwekwa titini hufanya jambo linalomchanganya mama yake. Hugusa chuchu kwa midomo, huilamba, pengine huvuta mara mbili tatu, kisha husinzia. Mama humtekenya nyayo, humwamsha, humrudisha titini, naye hulamba tena na kusinzia tena. Nusu saa ikipita, maziwa bado yamo kifuani, tumbo la mtoto halina kitu, na ndugu waliokuja kumjulia hali mzazi wameshaanza kutoa sababu: chuchu zake fupi, maziwa hayajashuka, mtoto hayapendi.

Mara nyingi sababu si hizo. Kunyonya kunataka mambo matatu yapishane bila kugongana: kuvuta maziwa, kuyameza na kupumua. Mtoto huanza kuyapanga vizuri mambo hayo kati ya wiki ya 32 na ya 34, na wengi hawashibi kwa titi peke yake mpaka wakaribie wiki ya 36. Kabla ya hapo huvuta kidogo, nguvu zikamwishia. Kumeza, hata hivyo, anaweza mapema zaidi. Tangu wiki ya 30 hivi, mtoto aliyetulia kiafya anaweza kumeza maziwa aliyowekewa mdomoni taratibu. Kuna basi kipindi cha majuma kadhaa ambapo njiti anaweza kumeza lakini hawezi kunyonya akashiba, na hicho ndicho kipindi cha kikombe.

Wapo watoto wengine wanaohitaji njia hii: mwenye mpasuko wa mdomo au kaakaa, aliyezaliwa kwa shida akawa mchovu, au ambaye mama yake bado yuko chumba cha wagonjwa mahututi. Lakini katika wodi za Afrika Mashariki mtu wa kikombe hasa ni njiti, na ukielewa anavyolishwa yeye, hao wengine utawaelewa kwa urahisi.

Kwa nini isiwe chupa, ambayo kila duka la dawa inayo? Sababu ya kwanza ni usafi. Chupa ina shingo, kona na chuchu ya mpira yenye tundu, na maziwa hujificha humo hata baada ya kuoshwa. Kikombe kiko wazi, huoshwa kwa sabuni na maji ya moto na jicho likaona kama kimetakata. Sababu ya pili ni mwendo wa maziwa. Chuchu ya chupa hudondosha maziwa hata mtoto anapotaka kupumzika, naye inambidi ameze ama apaliwe. Katika kikombe kinachoshikwa inavyotakiwa, maziwa hukaa ukingoni yakimsubiri. Asipotoa ulimi hayaendi popote. Watafiti waliolinganisha njia hizi mbili kwa watoto njiti waliona kwamba kwenye chupa mapigo ya moyo hupanda zaidi na hewa mwilini hushuka mara nyingi zaidi.

Sababu ya tatu ndiyo iliyozua mjadala mrefu: kwamba mtoto akizoea chupa hulikataa titi. Mwaka 1991 Shirika la Afya Duniani na Unicef walipoanzisha mpango wa hospitali rafiki kwa mtoto, hatua ya tisa kati ya kumi ilikataza kabisa chuchu bandia kwa watoto wanaonyonya. Mwaka 2018 hatua hiyo ililegezwa. Sasa inasema mama ashauriwe juu ya matumizi na hatari za chupa na chuchu bandia. Kwa watoto njiti ushahidi wa kutumia kikombe ni mzuri. Utafiti wa Uturuki uliochapishwa mwaka 2014, uliofuatilia watoto 522 wa wiki 32 hadi 35, ulionyesha kwamba waliolishwa kwa kikombe walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kunyonya maziwa ya mama pekee walipotoka hospitali, na pia miezi mitatu na sita baadaye, bila kukaa wodini siku nyingi kuliko wenzao wa chupa. Utafiti wa Australia wa mwaka 2004 nao ulikuta kikombe kinasaidia unyonyeshaji, ila watoto hao walikaa hospitali takriban siku kumi zaidi, na zaidi ya nusu ya waliopangiwa kikombe waliishia kupewa chupa kwa sababu wauguzi au wazazi waliona kazi ni ngumu. Hilo la pili ni muhimu sana. Kikombe kinafaa pale mlishaji anapofundishwa na kupewa muda. Akipewa kikombe tu na kuachwa, atarudi kwenye chupa.

Kabla ya kikombe kuna kukamua, na hapa ndipo mambo huharibika mapema kuliko watu wanavyofikiri. Titi ambalo halinyonywi huupokea ujumbe mmoja tu: maziwa hayahitajiki. Kwa hiyo mama wa njiti huanza kukamua mapema iwezekanavyo, ikiwezekana ndani ya saa ya kwanza na isizidi saa sita baada ya kujifungua, hata kama mtoto bado hajaruhusiwa kunywa. Kisha anakamua angalau mara nane kwa siku, usiku ukiwemo. Wengi huuruka usiku ili wapumzike, na ni jambo la kuhurumiwa, lakini homoni ya prolaktini inayotengeneza maziwa hupanda zaidi usiku. Mama akikamua mchana tu, maziwa huanza kupungua taratibu, naye hataona hilo mpaka wiki ya pili, mtoto anapohitaji mengi.

Mkono unatosha kwa kazi hii. Mama ananawa, anakaa akiwa ameinama mbele kidogo, kikombe chenye mdomo mpana kikiwa chini ya titi. Kidole gumba kinakaa juu ya titi na cha shahada chini, nyuma ya weusi unaozunguka chuchu. Kwanza anasukuma vidole kuelekea kifuani, halafu anaviminya vikutane, kisha anaachia. Sukuma, minya, achia. Hakuna kuvuta chuchu wala kuteleza juu ya ngozi. Ngozi ikiwaka moto au ikichubuka, ujue vidole vinateleza. Mwanzoni hakitoki kitu, au hutoka tone moja tu. Baada ya dakika moja mbili matone huongezeka, na siku zikisonga maziwa huruka kama uzi. Mtiririko ukipungua upande mmoja, baada ya dakika tatu hadi tano, anahamia upande wa pili, kisha anarudia pande zote mbili huku akizungusha vidole ili kila sehemu ya titi iguswe. Kikao kizima huchukua dakika 20 hadi 30. Kikao kifupi zaidi ya hapo huyaacha ndani maziwa ya mwisho, ambayo ndiyo yenye mafuta mengi na yanayomnenepesha njiti.

Siku ya kwanza na ya pili kinachotoka ni dang'a, maziwa mazito ya rangi ya njano. Kiasi chake ni kidogo. Kikao kizima kinaweza kutoa kijiko kimoja cha chai, yaani mililita 5, au chini ya hapo. Ukiyakamulia kwenye kikombe, nusu itabaki imeganda ukingoni. Hapa kijiko ndicho chombo. Mama anakamua moja kwa moja juu ya kijiko kilichochemshwa, na msaidizi anakigusisha mdomo wa mtoto papo hapo. Hakuna tone linalopotea kwenye kuhamisha.

Lakini maziwa yakiongezeka, kijiko huwa mzigo. Kinashika kidogo, na kila kijiko kinataka mkono urudi kwenye chombo, uchote, unyanyue, urudi mdomoni, huku mkono mwingine umemshika mtoto na chombo chenyewe hakina wa kukishika. Baada ya dakika kumi mlishaji anachoka, anaanza kumimina badala ya kusubiri, au anaacha kabla mtoto hajamaliza. Ndiyo maana wauguzi wengi humhamishia mtoto kwenye kikombe mara dang'a inapoanza kugeuka kuwa maziwa meupe, na kijiko hubaki kwa mtoto anayepumua kwa taabu kidogo, ambaye mililita moja moja humtosha kwa muda.

Je, anywe kiasi gani? Kipimo kilichozoeleka katika mafunzo ya Shirika la Afya Duniani kwa watoto wenye uzito mdogo ni mililita 60 kwa kila kilo siku ya kwanza, kisha kuongeza mililita 20 kwa kila kilo kila siku, mpaka kufikia 200. Hospitali nyingine siku hizi huanza na zaidi au huongeza kwa kasi zaidi kwa mtoto aliyetulia, kwa hiyo agizo la daktari wa mtoto husika ndilo linalofuatwa. Hesabu yenyewe lakini ni vyema mama aijue.

Tumchukue yule mtoto wa kilo 1.6. Siku ya kwanza, 60 mara 1.6 ni mililita 96 kwa saa 24. Akinywa kila baada ya saa tatu, yaani mara nane, kila mlo ni mililita 12, pungufu kidogo ya vijiko viwili na nusu vya chai. Siku ya pili kipimo ni 80 kwa kilo, jumla inakuwa 128 na mlo mmoja ni 16. Siku ya tatu mlo ni 20, ya nne ni 24. Kila siku mlo unapanda kwa mililita 4, na siku ya nane unafika 40, jumla ya mililita 320. Akichoka haraka, jumla ileile hugawanywa kwa milo 12, kila baada ya saa mbili, hivyo mililita 96 za siku ya kwanza zinakuwa nane nane.

Msomaji makini atauliza: mama anayetoa kijiko kimoja atapata wapi mililita 96 siku ya kwanza? Mara nyingi hazipati. Hapo daktari huamua kama mtoto awekewe dripu, apewe maziwa ya kuchangiwa pale yanapopatikana, au maziwa ya kopo kwa muda huku mama akiendelea kukamua. Hospitali ya Pumwani jijini Nairobi ilifungua benki ya maziwa ya mama mwaka 2019, ya kwanza nchini Kenya, ambapo maziwa ya akina mama waliopimwa hupashwa kwa joto maalumu na kupewa watoto kama hawa. Kinachopaswa kuepukwa ni uamuzi wa kimyakimya kitandani: maji ya sukari, maji ya gripu au asali kutoka kwenye pochi ya shangazi. Tumbo la njiti linaweza kuvimba na kuumwa vibaya kwa kitu kidogo sana.

Sasa chombo. Hospitalini hutumika kikombe kidogo cha plastiki cha kupimia dawa, chenye alama mpaka mililita 30. Nyumbani kikombe cha kahawa cha pwani, ile finjani isiyo na mkono, kinafaa kabisa kama ukingo wake ni laini na hauna ufa wala pengo. Kikombe kikubwa cha chai hakifai, kwa kuwa ili maziwa machache yafike ukingoni itabidi ukiinamishe sana, na yakifika yatakuja kwa kishindo. Chombo chenye mdomo wa kumiminia nacho kinataka tahadhari. Nchini India hutumika paladai, kibakuli kidogo chenye mdomo mrefu, na mwenye uzoefu hulishia bila kumwaga. Kwa asiye na uzoefu, mdomo ule humimina maziwa kooni kabla mtoto hajawa tayari. Kikombe huoshwa kwa sabuni na maji ya moto kila baada ya mlo, kisha hutiwa maji yanayochemka na kuachwa nayo kwa dakika kadhaa.

Mlo wenyewe huanza kwa kumtazama mtoto. Njiti hulia njaa kwa kuchelewa, na akilia ameshatumia nguvu alizohitaji kwa kunywea. Dalili za mapema ni macho kufunguka, ulimi kutokeza, mkono kuelekea mdomoni. Saa tatu zikifika naye bado amelala, mlishaji anamfungua nguo, anamweka kifuani ngozi kwa ngozi, anamsugua mgongo taratibu mpaka aamke. Mtoto aliye usingizini halishwi kwa kikombe hata kama saa imefika.

Akishaamka anafungwa kanga nyepesi kuzunguka mikono ili asikipige kikombe, lakini kifua kisibanwe. Anakalishwa mapajani, mgongo ukiwa wima au umeegemea nyuma kidogo tu. Kiganja cha mlishaji kinashika mabega na shingo. Kichwa hakisukumwi mbele. Kikombe kinajazwa angalau nusu, kinawekwa kigusane kidogo na mdomo wa chini, na kingo zake ziguse pembe za mdomo wa juu. Halafu kinainamishwa mpaka maziwa yafike midomoni, na hapo mkono unasimama.

Wengi hushindwa hapo, kwenye kusimama. Mlishaji anataka kuona maziwa yakipungua, na mtoto anataka muda. Zinaweza kupita sekunde nyingi hakuna kinachotokea. Kisha midomo inalowa, mtoto ananusa, anatoa ulimi na kulamba kama paka, mara moja, mara mbili, tatu. Maziwa yanakaa kidogo mdomoni. Anameza, na shingoni unaona au unasikia mmezo mdogo. Anapumua mara kadhaa, kikombe kikiwa palepale na maziwa yakiwa palepale ukingoni, bila kurudishwa nyuma wala kuongezwa. Kisha ulimi unatoka tena. Mtoto mkubwa zaidi, aliyekaribia wiki 37, huacha kulamba na kuanza kufyonza kwa midomo, akimwaga kidogo. Akishiba hufunga mdomo, hugeuza uso au husinzia. Mlo mmoja usizidi nusu saa, maana ukipita hapo mtoto anachoma nguvu nyingi kuliko anazoingiza.

Katika familia nyingi za Afrika Mashariki wapo bibi waliolea watoto kwa kunywesha uji kwa kiganja: mtoto akilazwa mapajani, kiganja kikazungushwa mdomoni, uji ukamiminwa naye akameza kwa kulazimika. Mwenye mkono uliozoea hivyo akipewa kikombe, atakitumia vilevile. Kwa njiti hatari yake ni kubwa, kwa sababu maziwa yakiingia kwenye njia ya hewa anaweza kukosa nguvu hata ya kukohoa. Bibi ni msaidizi wa thamani, hasa zile saa za usiku, na dawa si kumfukuza. Muuguzi amwonyeshe naye, ashike kikombe mwenyewe mbele ya muuguzi, na asubiri ulimi utoke kabla ya kuendelea. Akishaona mara moja mtoto akijinywea mwenyewe, mkono wake hubadilika.

Jambo jingine linalowadanganya wengi ni maziwa yaliyomwagika. Kikombe kinasomeka tupu, kwenye daftari inaandikwa mililita 20, kumbe sita ziko kwenye kanga. Si jambo dogo: katika utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2002, zaidi ya theluthi ya maziwa yaliyotoka kikombeni yalikutwa kwenye kitambaa cha kidevuni. Kwa mtoto wa kilo 1.6 pengo la namna hiyo mlo baada ya mlo linatosha kumzuia kuongezeka uzito, na watu wakabaki wakishangaa mbona anamaliza kikombe. Mlishaji anaweza kuweka kitambaa kidogo kikavu chini ya kidevu na kukiangalia mwishoni. Kikiloa chapachapa, ama kikombe kimeinamishwa mno, ama mtoto amelala sana, ama mlo umeharakishwa. Kiasi kilichomwagika kinakadiriwa na kuongezwa kwenye mlo huo au unaofuata. Na kwa kuwa mtoto hanywi sawasawa kila mara, jumla ya saa 24 ndiyo inayosomwa. Mlo mmoja wa mililita 10 unaofuatwa na mwingine wa 22 haumtishi mtu.

Mizani na nepi humaliza ubishi. Njiti hupungua uzito siku za kwanza, pengine hadi asilimia 10, na kwa kawaida huurudia uzito wa kuzaliwa ndani ya wiki mbili hivi. Baada ya hapo anatarajiwa kuongezeka karibu gramu 15 kwa kila kilo kwa siku. Kwa mtoto wetu ni gramu 24 hivi. Maziwa yakishapanda, mkojo unapaswa kuonekana mara sita au zaidi kwa saa 24, usio wa njano iliyokolea. Mkojo ukipungua kabla ya mizani kusema chochote, muuguzi aambiwe siku hiyohiyo.

Kuna wakati kikombe kinawekwa chini mara moja. Mtoto akipaliwa, akikohoa, akiacha kupumua kwa muda, au midomo na ulimi vikigeuka rangi ya kijivu au bluu, mlo unasimamishwa, anainamishwa mbele au kuwekwa ubavu, na msaada unaitwa. Kwa mtoto mweusi rangi ya uso hudanganya, kwa hiyo huangaliwa ulimi na ufizi. Anayepumua zaidi ya mara 60 kwa dakika, anayedegedeka, au anayeyaacha maziwa yakae mdomoni bila kumeza, hafai kikombe kwa wakati huo; huwekewa mrija mwembamba unaopitia puani au mdomoni hadi tumboni, na maziwa yaleyale ya mama hupitishwa humo. Kurudi kwenye mrija si kushindwa kwa mama. Watoto wengi huutumia mrija na kikombe kwa zamu, milo ya mchana kwa kikombe na ya usiku kwa mrija, mpaka nguvu zitoshe.

Maziwa yaliyokamuliwa na kuachwa yanahitaji uangalifu, hasa kwa joto la Mombasa au Dar es Salaam. Kwa njiti ni salama zaidi kuyatumia ndani ya saa nne yakiwa yamefunikwa mahali penye kivuli, au ndani ya saa 24 yakiwa kwenye friji. Hupashwa kwa kuweka chombo chake ndani ya bakuli la maji ya moto, si jikoni juu ya moto. Tabaka la mafuta likijitenga juu, chombo kinazungushwa taratibu lichanganyike. Yaliyobaki kikombeni baada ya mtoto kunywa humwagwa.

Wakati wote huu titi halisahauliwi. Katika huduma ya kangaruu, iliyoanzishwa mwaka 1978 mjini Bogotá nchini Kolombia na daktari Edgar Rey Sanabria, mtoto hukaa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, saa nyingi za siku, akiwa ametazamana na titi. Kabla ya kila kikombe mama humsogeza kwenye chuchu na kukamua tone moja mdomoni mwake. Siku za mwanzo atalilamba tu. Baadaye atavuta mara tatu nne na kupumzika, halafu mara kumi. Mama wa mtoto aliyetimiza miezi lakini akashindwa kushika kwa sababu titi limejaa na kukakamaa hufanya jambo linalokaribiana na hilo: hukamua kidogo kwanza ili weusi wa chuchu ulainike, mtoto apate pa kushika.

Kikombe hakiondolewi kwa siku moja. Mtoto akianza kunyonya dakika kumi hivi huku mmezo ukisikika, kikombe hufuata baada ya titi na si badala yake, na mtoto mwenyewe huonyesha kwa kufunga mdomo kwamba ameshapata. Kwa kawaida milo ya asubuhi, titi linapokuwa limejaa, ndiyo ya kwanza kuachana na kikombe. Ya jioni, mtoto akiwa amechoka, huwa ya mwisho. Katika kipindi hicho mtoto hupimwa kila siku au kila baada ya siku mbili. Uzito ukisimama kwa siku mbili mfululizo, kikombe kimoja au viwili hurudishwa, na mama anaendelea kukamua baada ya kunyonyesha ili maziwa yasishuke. Wakiruhusiwa kwenda nyumbani kabla mtoto hajaacha kikombe, waondoke na karatasi iliyoandikwa kiasi cha kila mlo, idadi ya milo na tarehe ya kurudi kupima uzito, ambayo isizidi wiki moja.